Mlango uliozidi inchi 10

Mwaka juzi nilimtumia fundi mmoja wa Amu, yaani Lamu, voisi ya dakika 2 na sekunde 40. Hatukuwa tukijuana. Nambari yake nilipewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, naye alimsifu kwa maneno machache tu: "Huyu akichonga, mti husema." Kazi yangu mimi ni kuwatafutia wenye nyumba wa huku milango, vitanda na viti kutoka kwa mafundi wa kisiwani. Mteja alikuwa na nyumba ya wageni, na alitaka mlango wa nakshi wa kuingilia. Basi nikakaa kivulini, nikabana alama ya maikrofoni, nikaanza.

Nilidhani nimeanza vyema. Nilitoa salamu kamili: sabalkheri, hali yako, watu wa nyumbani, mvua za huko. Nikajitaja jina, nikamtaja aliyenipa nambari, nikaeleza nyumba ilipo na mteja ni mtu wa namna gani. Nikaingia kwenye nakshi. Nikasema upana wa mlango ni inchi 42 na urefu wake inchi 84. Nikarudi kwenye nakshi, maana kuna jambo nililikumbuka. Nikauliza bei, nikamwombea dua, nikaachia kidole. Nilijiona mtu wa adabu kweli kweli.

Mlango uliwasili baada ya wiki saba. Ulivushwa kwa mashua hadi Mokowe, kisha ukapakiwa gari zaidi ya kilomita 200 mpaka hapa. Kazi ilikuwa safi, mkono wa fundi unaonekana kila ulipotazama. Upana wake ulikuwa inchi 52. Tundu la ukutani lilikuwa na inchi 42.

Hesabu yake ni nyepesi mtu akiujua mlango wenyewe. Mlango wa Lamu una mbao mbili zinazofunguka, una mfaa katikati, una miimo miwili ubavuni na kizingiti juu. Mimi nilipima uwazi wa ukuta nikauita mlango. Fundi aliposikia "mlango" alielewa zile mbao mbili zinazofunguka, akazipa inchi 42, kisha akaongeza mwimo wa inchi 5 kila upande, kama inavyopasa. Arubaini na mbili, tano na tano. Hakukosea hata chembe. Kiswahili chetu ndicho kinachoita vyote viwili mlango, kile unachopita na kile unachofunga, na mwenye kazi ya kupambanua alikuwa mimi.

Nilipompigia, hakupandisha sauti. Alisema, "Shekhe, ungepiga simu siku ile ningekuuliza, uwazi au mbao? Lakini voisi haiulizwi."

Neno hilo limenikaa. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama jinsi watu wa kazi zetu wanavyoanza kujuana kwa simu, na nimefika mahali ambapo sikubaliani na wengi. Wengi husema voisi ndiyo njia ya heshima, kwa sababu ina sauti, ina salamu, ina utu, na meseji ni kavu. Mimi naona kwanza tuulize njia hiyo inamtwika nani mzigo. Mtu akinitumia voisi, yeye anatembea zake barabarani akiongea. Mimi ndiye nitakayesimamisha kazi, nitafute pahali pa kimya, nisikilize kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, maana sijui jambo lenyewe limekaa wapi. Meseji ni kinyume chake. Mwandishi ndiye anayechoka vidole na kupanga maneno, msomaji anamaliza kwa sekunde 10. Simu inawagharimu wote wawili sawasawa, ila saa huchaguliwa na mmoja.

Niliisikiliza tena voisi yangu baada ya kisa kile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikiliza. Vipimo nilivitaja kwenye dakika ya 1 na sekunde 37, kwa pumzi moja, katikati ya maneno ya maua ya nakshi. Nilipoyaandika mambo ya kazi peke yake yalikuwa mistari sita. Fundi aliisikiliza karakanani kwa spika, msumeno wa umeme ukilia mlango wa pili. Alipotaka kuhakikisha kipimo hakuwa na pa kukitafuta, kwa sababu voisi haitafutwi kwa neno kama meseji. Ilibidi asikilize upya salamu zangu na habari za mvua.

Na salamu zenyewe zina kioja chake. Salamu za pwani ni za kujibizana. Mtu akisema "asalaam aleikum" anangoja, na aliyesalimiwa ana wajibu wa kuitikia. Katika voisi nilisalimia, nikauliza hali, nikaendelea bila kungoja, kana kwamba nimeshajibiwa. Fundi aliniambia baadaye kuwa aliitikia "waalaikum salaam" peke yake mbele ya vijana wake, nao wakamcheka.

Kuna watakaosema dawa ni kuongeza kasi, kwani tangu 2021 WhatsApp inaruhusu voisi kusikilizwa mara moja na nusu au mara mbili ya mwendo wake. Kwa rafiki, sawa. Kwa mtu usiyemjua, salamu iliyoharakishwa hivyo hufanana na makanga anayeita abiria, na tarakimu ndizo za kwanza kumezwa.

Jambo la pili linajulikana na wachache. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kuzima tiki za buluu, ili asionekane kuwa ameshasoma meseji. Kwa voisi hawezi. Akishaisikiliza, kile kimaikrofoni hugeuka buluu kwa aliyetuma, apende asipende, hata kama tiki amezizima. Tena voisi hujipakua yenyewe kwenye simu ya mpokeaji, kwa bando lake. Yaani mgeni amekutumia mzigo, ukaubeba kwa gharama yako, kisha anapewa habari kwamba umeufungua. Usipojibu siku hiyo hiyo unaonekana umemdharau.

Watu wa Amu wana jengo linalolieleza jambo hili kuliko maneno yangu. Nyumba ya zamani ya mji ule, mji uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haikuachii ukaingia moja kwa moja. Mbele kuna daka lenye viti vya mawe ubavuni. Ukivuka mlango unapinda, unakuta kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu. Baada ya hapo ni misana, na nyuma kabisa ni ndani. Mfanyabiashara wa siku ya kwanza hukalishwa dakani. Mazungumzo yanafanyika pale, kahawa inakuja pale, na hakuna anayeona ametengwa. Kabla ya yote, hodi. Na hodi ina hesabu yake: mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka.

Kwa mtu mpya, meseji ndiyo daka. Anakuona ulipo, anajua wewe ni nani na umeleta nini, na yeye ndiye anayeamua kama atakukaribisha kiwandani. Kumpigia mtu asiyekujua bila taarifa ni kumkuta kiwandani. Pengine ndipo alipo na hana neno, pengine yuko msikitini au juu ya ngazi. Nilishaona simu ya fundi ikiwa na simu saba alizozikosa kutoka nambari moja ngeni, ndani ya robo saa. Hiyo haihesabiki kuwa hodi.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu juu ya meseji ya kwanza iweje. Yeye huandika "Sabalkheri" peke yake, akangoja aitikiwe ndipo aseme shida. Ananiambia ndiyo desturi, huwezi kumvamia mtu kwa haja kabla hajakuitikia. Ana kwa ana ni kweli. Lakini dakani mtu anauona uso wako, mavazi yako, ulivyokaa. Kwenye simu haoni ila nambari. Na Kenya hii, nambari ngeni inayosema "Sabalkheri" kisha ikanyamaza inafanana mno na matapeli wanaotafuta mtu wa kumvuta polepole. Wengi hawajibu, na wana haki. Hapa desturi lazima ilegezwe kidogo: salamu na haja zije pamoja, kwenye meseji moja.

Ninayoandika mimi sasa ni hii, kwa maneno haya au yaliyo karibu nayo: "Asalaam aleikum fundi. Mimi ni fulani, niko Malindi. Nambari yako nimepewa na fulani wa duka la vifaa. Nina kazi ya mlango mmoja wa nakshi. Nikupigie saa ngapi ukiwa na nafasi?" Hakuna kipimo wala bei. Jina la aliyetupatanisha nalitanguliza, maana huku nambari bila mdhamini ni nambari tu. Na swali la mwisho namwachia yeye, kwa sababu wakati ni wake.

Hilo swali la saa lina mtego wake. Fundi akijibu "nipige saa 4", anamaanisha saa nne asubuhi, jua limepanda. Mteja wangu mmoja kutoka Nairobi, aliyezoea kusoma saa kwenye kioo cha simu, aliona 4 akapiga saa kumi jioni. Fundi alikuwa amengoja asubuhi nzima, simu mfukoni, akamhesabu kuwa mtu asiye na ahadi. Wote wawili waliandika kweli na kusoma kweli. Tangu hapo naandika "saa nne asubuhi" kwa herufi, na nikiandikiwa tarakimu narudisha swali.

Kupiga nako kuna nyakati. Asubuhi fundi ameshika patasi, na mkono uliopata mwendo kwenye nakshi haupendi kukatizwa. Adhuhuri ni swala na chakula, na Ijumaa mchana simu iache kabisa. Wakati mzuri ni baina ya alasiri na magharibi, kazi imepoa na watu wametoka barazani, au baada ya isha kwa mwanamume mwenzio uliyeahidiana naye. Ramadhani hesabu zote hubadilika, na usiku baada ya tarawehe ndio watu huwa na nguvu ya kuzungumza kazi.

Sasa nije kwa wale ambao meseji kwao si daka. Wako wazee wa kazi, hasa wachongaji na mafundi wa mashua wa upande wa Matondoni, waliosoma chuoni kwa maalim na si shuleni. Mzee wa namna hiyo aweza kuwa anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila kukwama, lakini herufi hizi za simu zinamtaabisha. Ukimwandikia, meseji yako inasomwa na mjukuu. Bei yako, shida yako, na jibu lake, vyote vinapitia kinywa cha mtoto wa miaka 15. Wewe ulidhani umepiga hodi kwa adabu, kumbe umemfanya mzee atafutiwe mkalimani nyumbani mwake.

Dalili zipo, ukiangalia. Ukimwandikia yeye akakupigia badala ya kujibu, ameshakuambia. Akijibu kwa kidole gumba peke yake mara tatu mfululizo, ameshakuambia. Na dalili kubwa kuliko zote ni maandishi yenyewe: fundi mwenye umri wa miaka 70 hawezi kukuandikia "xaxa cjui bei". Huyo ni mjukuu. Ukiona "xaxa", acha kuandika, piga simu, umwamkie mzee kwa shikamoo yake na umwite ami.

Kwa mzee huyo, voisi baada ya kujuana ina kazi nzuri, ikiwa ni fupi na ina jambo moja. Sekunde 30 zinatosha. Kipimo kitajwe mara mbili, na nyuma yake ije picha ya futikamba ikiwa imelazwa pale palipopimwa. Namba za futikamba hazina haja ya mjukuu.

Yuko pia mtu wa aina nyingine hapa Malindi, mwenye nyumba wa Kiitaliano aliyekaa miaka mingi na kujifunza Kiswahili kwa masikio, sokoni na jikoni. Anakisema vizuri, kukiandika hawezi. Naye voisi zake nazisikiliza bila kinyongo. Na fundi ninayemwomba kazi akinijibu kwa voisi, mikono imejaa mafuta ya mbegu na vumbi la mbao, sina haki ya kulalamika. Mimi ndiye niliyebisha mlangoni kwake. Hapo ndipo tunapokosea sana sisi wenye pesa za wateja mkononi: tunadhani anayelipa ndiye anayenyenyekewa. Siku ya kwanza anayelipa bado hajalipa. Ni mtu aliyesimama nje.

Jambo hili la nani abebe gharama si geni. Zama za kubipu, ulipokuwa ukimpigia mtu ikalia mara moja ukakata ili yeye apige kwa kredi yake, watu walikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote. Mtafiti Jonathan Donner alizichunguza Rwanda akazichapisha mwaka 2007, na iliyo maarufu zaidi ni kwamba mwenye nacho ndiye hulipa, ila kijana anayemtongoza msichana asithubutu kumbipu. Sisi pwani hatukuhitaji mtafiti kujua hivyo. Anayetaka kitu hutumia kredi yake. Voisi imetusahaulisha, kwa sababu bando halilii kama kredi inavyolia ikikatwa.

Kwa wanawake wa biashara mambo yana uzito zaidi. Jirani yangu hupaka hina na piko, na msimu wa harusi simu yake haitulii. Hapokei voisi ya nambari asiyoijua, na sababu yake ilinifumbua macho. Meseji, alisema, huiona kabla ya kuifungua. Kioo kinamwonyesha mstari wa kwanza: jina, tarehe ya harusi, mtaa. Voisi haionyeshi ila urefu wake. "Sekunde 50 za mwanamume nisiyemjua, saa tatu usiku, na simu iko mezani, watoto wanaweza kuibonyeza. Najuaje ndani mna nini?" Akaongeza kwamba meseji ya kazi anaweza kumsomea mumewe hapo hapo, lakini sauti ngeni ya mwanamume ikisikika chumbani hutaka maelezo hata kama maneno yake ni ya hina tupu. Kwa hiyo mwanamume anayemtafutia bibi harusi mpakaji hina, na akawa hana mwanamke wa kumpigia kwa niaba yake, aandike. Mchana.

Bei ni suala lake pekee, na hapa sina mbadala: bei ya mtu mpya hujadiliwa kwa simu. Voisi ya kuomba kupunguziwa inachezwa kwa spika karakanani, mbele ya wanafunzi wanne wa fundi. Hata angetaka kukupunguzia, sasa ana hadhira. Akikubali ameonekana mnyonge mbele ya vijana wake, basi atakaza. Meseji nayo ina ukali wa peke yake. "Punguza kidogo" iliyoandikwa haina tabasamu, na kimya kinachofuata hakielezeki. Kwenye simu kimya kina maana. Fundi akivuta pumzi, akasema "eeeh", akanyamaza, mtu aliyezoea anajua kama mlango uko wazi bado au umefungwa. Unajua lini uongeze neno na lini uache. Kuna mafundi ambao bei yao ya mwisho niliipata katika kimya cha sekunde tatu, na sidhani ingepatikana kwingine.

Baada ya simu, kuandika. Hapa wengi huona haya. Wanaogopa kwamba kumwandikia mtu mliyeelewana kwa mdomo ni kumwambia humwamini. Hofu hiyo inanishangaza kwa watu wa pwani, maana aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu hilo hilo: mnapodaiana kwa muda maalumu, andikeni, wala msichoke kuandika dogo wala kubwa. Biashara ya papo kwa papo ndiyo iliyosamehewa. Mlango wa wiki saba si wa papo kwa papo. Na wahenga wakasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena tazama M-Pesa. Nikituma arubuni, meseji inaingia kwangu na kwake, ina jina, kiasi, tarehe na saa. Sijamwona fundi hata mmoja aliyekasirika kwamba nimemtumia arubuni yenye maandishi. Basi maandishi hayaudhi. Kinachoudhi ni maandishi yaliyotangulia mazungumzo, vipimo na masharti kutoka kwa mtu ambaye hata sauti yake hujaisikia. Yakija nyuma ya simu nzuri, yakianza na "kama tulivyozungumza", mtu huyapokea kama kumbukumbu yake mwenyewe.

Sheria nayo inayakubali. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 78A kilichoingizwa mwaka 2014, huruhusu ujumbe wa kielektroniki kutolewa mahakamani. Sijawahi kufika huko na fundi, na sitarajii. Lakini nimeona mara nyingi mistari mitano iliyoandikwa siku ile ile ikimaliza ubishi kabla haujawa ubishi, kwa sababu kila mmoja anainua simu yake na kusoma.

Mistari yangu ni ya kawaida. Uwazi wa ukuta, yaani mlango pamoja na miimo yake, nje kwa nje, kwa inchi na kwa sentimita. Mbao gani, mbambakofi au msaji au mfenesi, maana bei zake hazilingani. Siku ya kuwa tayari. Arubuni kiasi gani na baki kiasi gani, na anayelipa mashua na gari ni nani. Mwisho naandika, "Kama nimekosea pahali, nirekebishe." Sentensi hiyo ya mwisho inafanya kazi kuliko zote, kwa sababu inampa fundi nafasi ya kuuliza ambayo voisi yangu ya kwanza ilimnyima.

Ule mlango wa inchi 52, kama mtu anataka kujua, uko mahali pake. Upande mmoja wa tundu palikuwa na nguzo ya zege, haiguswi. Tulibomoa inchi zote 10 upande wa pili, tukahamisha na swichi ya taa, na juu tukakata kuufuata urefu uliozidi. Mwashi alifanya kazi siku nne, nikamlipa mimi. Fundi alijitolea kuchonga miimo mingine myembamba kwa bei ya mbao tu. Nilikataa, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa mizuri mno kutupwa, na kosa halikuwa lake.

Mwezi uliopita nilimpelekea kazi ya pili. Niliandika, akanipa saa, nikapiga, tukazungumza robo saa nzima, salamu zikijibiwa moja moja. Usiku nikaandika mistari yangu mitano. Asubuhi yake ikaja picha: kipande cha ubao kimechorwa kwa penseli ya seremala, mraba mrefu, mishale miwili, na 38 kati yake. Chini ya picha, voisi ya sekunde nne.

"Nje kwa nje, shekhe?"

Nikaandika: "Nje kwa nje."